Inboksi moja ya sapoti, watu sita: nani anagawa tiketi, na nani ana haki ya kuifunga?

#1 MsaadaDawatini

Wakuu habari za kazi.

Niko kampuni ndogo hapa Dar. Tunauza programu ya mauzo kwa maduka ya rejareja na maduka ya dawa, ndiyo inayotoa risiti za EFD na kutunza hesabu ya stoo. Wateja ni kama 300 na kitu. Sapoti tuko 3, developa 2, mhasibu 1. Imeili zote za wateja zinaingia inboksi moja ya Gmail, na sote sita tunaingia humo kwa nenosiri lile lile (najua, msinicheke).

Siku ya kawaida zinaingia kama 60, Jumatatu zinagonga 90. Tumeweka lebo, tena nyingi, nimezihesabu leo zimefika 43. Kuna "Haraka", kuna "Haraka sana", kuna "Haraka kweli". Kila mtu anafungua ya juu, akiona ngumu anairudisha isomeke kama haijasomwa, anashuka kwenye rahisi. Wiki iliyopita mteja mmoja kajibiwa na watu wawili ndani ya dakika 10, mmoja kamwambia azime mashine, mwingine kamwambia asiizime kwa hali yoyote. Na juzi bosi kakuta imeili ya siku 9 haijaguswa. Imewekwa lebo ya njano, imepambwa, na haina mwenyewe.

Naomba wenye uzoefu: mnapangaje uharaka, nani anagawa, na tiketi inafungwa lini? Sitaki kuambiwa ninunue programu kubwa, bosi hataki kusikia.

#2 Kasi_Mia

Dada, mnajitesa bure. Aliyewahi ndiye anahudumiwa kwanza, basi. Benki wanafanya hivyo, hospitali ya kata wanafanya hivyo. Ukianza kuchagua nani haraka nani siyo, utaanza kupendelea. Panga kutoka ya zamani kwenda mpya, kila mtu achukue ya juu asiruke. Na kwa dharura weka chujio la Gmail: kichwa cha habari chenye "haraka", "urgent" au "dharura" kipewe nyota kabla hakijasomwa na mtu.

#3 Abiria_wa_Mwisho

Mimi nilikata tiketi mtandaoni ya Mbeya, basi likaondoka kabla ya muda. Nimetuma imeili mara tatu hakuna jibu. Hapa ndipo mnaposhughulikia? Nirudishiwe nauli au nibadilishiwe tarehe?

#4 Chujio

@Abiria_wa_Mwisho pole ndugu, tiketi za hapa ni nyingine kabisa 😂 Huku ni malalamiko ya wateja kwenye kampuni ya programu.

@MsaadaDawatini kabla ya yote acheni kugawana nenosiri. Mwenye akaunti aingie kwenye mipangilio awape wengine ruhusa ya kuisoma kama wawakilishi, kila mtu atumie akaunti yake. Hapo angalau mtu akiacha kazi hamkimbizani kubadilisha nenosiri usiku.

#5 Mzee_wa_Foleni

Habari za humu. Nimekaa kwenye dawati la sapoti miaka 11, sita kati ya hiyo kwenye inboksi kama hiyo yako, kwa hiyo nakuelewa hata ulipoacha kusema.

Shida yako hasa ni kwamba kusoma na kutatua vinafanywa na mtu yule yule kwa wakati ule ule. Anayetatua anavutwa na kilicho rahisi. Hata mimi, ukinipa imeili 90 na chai, nitaanza na nenosiri lililosahauliwa.

Fanya hivi. Kila siku mtu mmoja anakuwa wa zamu ya kugawa, mpokezane nusu siku nusu siku. Akiwa zamu hatatui kitu. Anasoma, anapima uharaka, anaandika jina la mtu, anaenda inayofuata. Imeili moja isimchukue zaidi ya dakika moja na nusu hivi. Ikizidi hapo ujue ameanza kutatua, mgonge bega.

Kupima uharaka hajiulizi "mteja amekasirika kiasi gani". Anajiuliza mambo mawili tu: kuna nini kimesimama, na kinaweza kusubiri hadi lini kabla hakijaharibika zaidi. Basi. Nani alipiga kelele, nani ni rafiki wa bosi, hayo yana watu wake.

Halafu mwenye tiketi. Lebo ya "Developa" au "Sapoti" si mwenyewe. Kitu cha watu wawili kitalala njaa. Andika jina la mtu mmoja, na awe yule anayeweza kuimaliza. Anayeielewa tu hatoshi.

Sasa tusipige porojo hewani. Niwekee hapa imeili 8 za asubuhi ya leo kama zilivyofuatana, ficha majina ya wateja. Tuzigawe pamoja.

#6 MsaadaDawatini

Shikamoo mzee. Asante sana. Hizi hapa za kuanzia saa mbili asubuhi, leo Jumatatu tarehe 16. Nimefupisha:

a) "HARAKA SANA!!!!" Anataka nembo kwenye risiti ibadilishwe, anafungua tawi jipya Jumamosi.

b) "Habari" Nanukuu yote: "habarini toka jana jioni umeme ulivyorudi risiti hazitoki ile namba ya kuhakiki inakaa inazunguka tu wateja wengine wameondoka"

c) "Re: Re: Fwd: ankara" Anasema amelipa ada ya mwaka mara mbili.

d) "Mauzo ya mwezi" Jumla ya mwezi uliopita kwenye programu haifanani na jumla ya ripoti za Z, zile za kufunga mauzo ya kila siku, tofauti ni ndogo.

e) "Nenosiri" Anaomba tubadilishe nenosiri la akaunti ya mwenye duka, ametuma kwa imeili ambayo hatuijui.

f) "Asante" Anajibu tiketi tuliyofunga Ijumaa. Chini kabisa kaandika "ila printa ya tawi la pili bado".

g) Jibu la kujiendesha: "Niko likizo hadi tarehe 30."

h) Imeili bila kichwa: "risiti zimegoma tangu jana dukani kwa mzee, tusaidieni", imetoka kwa mtu tusiyemfahamu.

#7 Mzee_wa_Foleni

Marahaba binti yangu. Safi sana, hizi ni darasa zima.

Tuanze na (b) japo ni ya pili. Kichwa chake ni "Habari". Chujio la ndugu @Kasi_Mia lingeiruka na kumpa nyota mwenye nembo. Hii ndiyo nyekundu pekee hapo. Duka lisilotoa risiti halali ama linafunga mlango ama linauza kinyume na sheria, na kila saa inayopita ni wateja walioondoka. Apewe jina la mtu sasa hivi, tena kwa mdomo. Na humo ndani kuna dokezo ambalo mgawaji anatakiwa alione hata kama hatatui: "umeme ulivyorudi". Aliandike kwenye maelezo ya tiketi. Mimi ningeongeza sentensi moja kwa anayepokea: muulize kompyuta yake inaonyesha tarehe gani.

(h) ni duka lile lile, nakaa vizuri kwenye kiti nikikwambia. "Tangu jana", "risiti", "kwa mzee", mtoto anamsaidia baba. Usidhani lakini, hakikisha: piga simu moja kwa mwenye duka. Ikiwa ndivyo, iunganishe na (b), umjibu mtoto kwamba suala linashughulikiwa na fulani. Ukiiacha peke yake ndipo unazaliwa ule mkasa wa zima mashine, usizime mashine.

(d) haina kelele yoyote na hakuna kilichosimama. Lakini leo ni tarehe 16, na ritani ya VAT ya mwezi uliopita mwisho wake ni tarehe 20. Huyu ana ukingo mbele yake. Leo ni njano, Alhamisi itakuwa nyekundu, na Jumamosi haitakuwa na maana tena. Kwa hiyo andika tarehe kwenye tiketi: jibu liwe limefika kwa mteja tarehe 18, apate siku mbili za kwake. Mwenyewe ni developa anayejua hesabu za ripoti ya Z. Mhasibu wenu muacheni, yeye anaelewa VAT lakini hawezi kufungua hifadhidata aone muamala gani umekatika katikati.

(a) ni njano ya tarehe pia, Jumamosi ni 21. Mpe mtu wa sapoti amalize hadi Alhamisi. Mjibu dakika hii kwamba itakuwa tayari Alhamisi na ataitwa kuijaribu. Utashangaa alama nne za mshangao zinavyotulia mtu akipewa siku.

(c) mhasibu, kawaida. Hela ya mteja isikae zaidi ya siku mbili bila neno, lakini haijasimamisha kitu.

(e) ndiyo itakayokuponza. Inaonekana ya dakika mbili na kila mtu ataikimbilia. Imeili ngeni inayoomba nenosiri la mwenye duka ina uwezekano wa kuwa mfanyakazi aliyefukuzwa wiki iliyopita. Isijibiwe kwa imeili. Apigiwe mwenye duka kwa namba iliyoko kwenye mkataba. Mpaka athibitishe, inakaa "inasubiri mteja", ikiwa na jina la mtu wenu.

(f) kawaida, fungua tiketi mpya ya printa, ile ya Ijumaa iache imefungwa. Ukiifungua tena ile ya zamani utabeba historia ya tawi la kwanza, na anayepokea atasoma imeili 14 za jambo lililokwisha.

(g) funga, usijibu. Na angalieni kama jibu lenu la kujiendesha halimjibu yeye naye akawajibu. Niliwahi kukuta mashine mbili zimesalimiana usiku kucha.

Umeona? Nane zimekuwa nyekundu moja, njano mbili zenye tarehe, kawaida mbili, moja inasubiri, moja imeunganishwa, moja imefungwa. Dakika 12 ukienda polepole.

#8 Kasi_Mia

Mzee nimekuelewa kwenye nyekundu, la chujio nalirudisha mfukoni. Lakini nyie mnaochagua ndio mnaozalisha ile ya siku 9. Kila siku inaingia nyekundu mpya, njano inasukumwa, kawaida inaoza. Aliyewahi kuhudumiwa kwanza ina hiyo faida moja: hakuna anayesahaulika.

#9 Mzee_wa_Foleni

Hapo umepiga penyewe, sibishi. Ndani ya rangi moja ndiyo sheria yako inatawala: ya zamani kwanza, hakuna kuruka. Na kawaida ikifikisha siku 3 za kazi bila kuguswa, mgawaji anaipandisha njano hata kama mteja yuko kimya. Kimya cha mteja si kuridhika. Wengine wameshaanza kuulizia programu ya jirani.

#10 Ronga_Dev

Salamu kutoka Nairobi. Sisi pia tuko na programu ya maduka, ya eTIMS, mfumo wa risiti za kodi wa huku Kenya, kwa hiyo hiyo hadithi ya tarehe 20 tunaijua. Kuanzia tarehe 17 hadi 20 hatumpi mtu likizo.

Niongeze jambo moja ambalo lilituumiza. Tulianza kuandika jina kwenye kila tiketi, tukafurahi. Baada ya mwezi tukagundua tiketi yenye jina inaweza kuwa hatari kuliko isiyo na jina. Isiyo na jina inaonekana. Yenye jina la mtu ambaye ameenda ocha kwao siku nne, kila mtu anaiona na kupita, kwa sababu "iko na mwenyewe". Siku hizi mwenye zamu asubuhi kabla ya kugawa mpya anauliza nani hayuko leo, halafu tiketi zote za huyo zinagawanywa upya, isipokuwa zile zinazosubiri mteja.

Sisi tunatumia Zammad, ni ya bure ukiiweka kwa seva yako mwenyewe. Kitu nakipenda hapo ni hali ya `pending reminder`: unaipa tiketi tarehe, inaondoka machoni, siku hiyo inarudi yenyewe kwa foleni. Hiyo (d) yako ingeenda hapo mara tu developa akimaliza kazi yake na kumwachia mteja aangalie.

#11 Chujio

Kwa kuwa bosi wake hataki programu mpya, hebu tumwonyeshe kinachowezekana kwa Gmail tu.

Futa lebo 43. Baki na rangi tatu za uharaka, majina sita ya watu, na "inasubiri mteja". Kumi jumla. Aina ya tatizo ongeza tano au sita, zisizidi: risiti, printa, stoo, ankara, nenosiri, mengineyo. Ukihisi unahitaji ya saba subiri wiki mbili kwanza.

Mgawaji kila saa anatafuta hivi:

```
in:inbox has:nouserlabels
```

Inaleta ambazo hazijapewa lebo yoyote. Ila kuna kitu kitamchanganya siku ya kwanza. Lebo ya Gmail inakaa kwenye ujumbe mmoja mmoja, haikai kwenye mazungumzo yote. Mteja akijibu tena, ule ujumbe mpya unaingia mtupu, kwa hiyo mazungumzo ambayo ulishayagawa jana yanatokea tena kwenye utafutaji huu, yakionyesha lebo zake zote. Mtu wangu mmoja alidhani Gmail imeharibika. Kumbe ni faida: ndiyo njia ya kuona kwamba mteja amesema neno jipya kwenye tiketi yenye mwenyewe. Unausoma ule ujumbe wa mwisho, ukiona uharaka umebadilika unabadilisha rangi, unaweka lebo tena, unasonga.

Na kila mtu asubuhi afungue lebo yenye jina lake, asifungue inboksi. Inboksi ni ya mwenye zamu peke yake. Hili dogo ndilo litakalowashinda wiki ya kwanza, nakwambia, watu watachungulia.

#12 Mama_Duka_Jumla

Mimi ni mteja wa kampuni kama hizo zenu, sitaji jina. Nina duka la jumla. Nimesoma uzi wote nikawa natikisa kichwa.

Mnazungumza kufunga tiketi kama mnafunga friji. Mwaka jana niliandikiwa "tumesubiri jibu lako siku 3, tumefunga". Nilikuwa msibani, baba mkwe alifariki. Nimerudi, tatizo liko pale pale, naanza upya kueleza kwa kijana mwingine ambaye hajui lolote. Kwa nini mnafunga kitu ambacho hakijapona?

#13 MsaadaDawatini

Pole sana mama. Hapa ndipo nilipotaka tufike. Sisi tunafunga tukishajibu. Jibu likiondoka, kwetu imeisha. Na mwisho wa wiki bosi anahesabu zilizofungwa, kwa hiyo unaelewa kwa nini.

#14 Mzee_wa_Foleni

Mama pole kwa msiba, na lawama yako ni ya haki.

Kujibu si kumaliza. Mimi nafunga kwa sababu mbili tu: mteja amesema limeisha, au mimi mwenyewe nimeliona limeisha kwa macho yangu. Kwenye ile (b), macho yangu maana yake nimeona risiti mpya ya duka lile imeingia kwenye mfumo wetu na namba yake ya kuhakiki. Hapo hata mteja asiponijibu nafunga, maana ushahidi ninao. Lakini kwenye printa siwezi kuona kilichotoka kwenye karatasi yake, kwa hiyo nasubiri neno lake.

Akinyamaza, namkumbusha baada ya siku 3, tena kwa simu kama ni duka lisilokaa kwenye imeili. Baada ya siku 10 nafunga kwa maneno haya: tulifanya hiki na hiki, hatujasikia kwako, likiwa bado lipo jibu hapa hapa na litarudi kwa fulani. Hilo jina la fulani ndilo linalomwokoa mama asianze upya.

Bosi anayehesabu zilizofungwa mpe na hesabu ya zilizofunguliwa tena. Hizo mbili zikae kwenye mstari mmoja. Atanyamaza mwenyewe.

#15 Ronga_Dev

Mzee, kwa hizo siku 10 hatukubaliani. Tiketi 200 zinazosubiri watu ambao walishasahau zinafanya foleni ikuwe takataka, na za ukweli zinapotelea humo. Sisi ni siku 5, inafungwa yenyewe, na mteja akijibu inafunguka yenyewe na inarudi kwa mwenyewe wa mwanzo. Mteja hapotezi kitu.

#16 Mama_Duka_Jumla

Anapoteza imani. Neno "tumefunga" likiingia kwenye simu yangu nami bado nahangaika, nalisoma kama "hatukutaki". Badilisheni hata neno.

#17 Ronga_Dev

Hilo la neno nimelikubali mama, nitalibadilisha leo. Siku zinabaki tano 😄

#18 Kasi_Mia

Na zinazokuja WhatsApp je? Maana wateja wa hapa imeili anatuma mtu akishakata tamaa. Kwetu nusu ya kazi iko kwenye simu binafsi ya kijana mmoja, akizima simu kampuni imezimika.

#19 Chujio

Kwetu sheria ni kwamba aliyepokea simu au WhatsApp anajitumia imeili kwenye inboksi ile ile, mstari mmoja, jina la duka na tatizo. Isipoandikwa haipo. Inafuatwa kama nusu ya wakati, sitadanganya.

#20 MsaadaDawatini

Wakuu nimerudi baada ya wiki 3 kama nilivyoahidi kwa mzee inboksi binafsi.

Tumefuta lebo, tumeanza zamu, mimi asubuhi na mwenzangu mchana. Siku mbili za kwanza nilikuwa natatua kwa siri, @Chujio ulijuaje. Ile (h) kweli alikuwa mtoto wa mwenye (b). Ile (e) nayo mzee ulinusa vizuri: mwenye duka alipopigiwa alisema hajaomba nenosiri lolote.

Sasa kosa letu. Wiki ya pili Jumatano saa tatu asubuhi iliingia nyekundu, duka la dawa risiti hazitoki. Nikaweka rangi, nikaandika jina la developa, nikasonga kama nilivyofundishwa. Developa alikuwa kliniki na mkewe, hakuwa ameaga sapoti, alimwaga bosi tu. Tiketi ilikaa saa mbili na nusu ikiwa na rangi nzuri na jina zuri. Mwenye duka alinipigia mimi. Tangu siku hiyo nyekundu kwetu haihesabiki imegawiwa mpaka mtu aseme "nimepokea", kwa sauti au kwa ujumbe. Asiposema ndani ya dakika 10 narudi kuitoa nampa mwingine. Rangi nyingine hazihitaji hivyo.

Lakini kilichonifanya nirudi kuandika ni hiki. Kwa kuwa sasa lebo ya "risiti" ni moja, Ijumaa niliifungua nikasoma zote kwa mpigo. Zilikuwa 17. Kumi na moja kati yake zina neno "umeme" mahali fulani. Mzee ulisema tuulize tarehe ya kompyuta, tukawa tunauliza. Duka moja kompyuta ilisema mwaka 2015, nyingine 2012. Ni mashine za zamani za mezani, betri ndogo ya ubaoni imekufa. Umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka, na programu ikitaka kuongea na seva, kompyuta inaona cheti cha seva hakijaanza hata kutumika, inakataa muunganisho. Kwa hiyo risiti inazunguka tu. Mteja akirekebisha tarehe inapona, mpaka umeme ukatike tena. Tulikuwa tunalitatua tatizo moja mara 11, kila mara na mtu tofauti, kila mara tunafunga tukijipongeza.

Ni betri ya CR2032, ile ya bapa kama sarafu.

#21 Kasi_Mia

Yaani miezi yote hiyo ni betri 😂😂

#22 Mzee_wa_Foleni

Vizuri sana. Sasa fanya hizo 11 ziwe chini ya tiketi moja kuu yenye mwenyewe mmoja, na wale 11 kila mmoja aambiwe kwa simu. Na developa aweke onyo kwenye programu: tarehe ya kompyuta ikiwa nyuma ya risiti ya mwisho, iseme wazi "rekebisha tarehe" badala ya kuzunguka. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja.

Usifunge ile kuu mpaka umeme ukatike walau mara moja kwenye maduka hayo na risiti zitoke. Kwa hali yetu hutasubiri sana.

#23 MsaadaDawatini

Onyo limeshawekwa jana mzee. Ninapokwama ni betri zenyewe. Kompyuta ni za wateja, fundi ni wao, sisi hatujaziuza. Nikiandika jina la mtu wetu atafuatiliaje kitu ambacho hana uwezo wa kukigusa? Nikisema "inasubiri mteja", nusu yao hawatanunua. Bosi anasema tukanunue betri tuwapelekee, mhasibu anasema leo betri kesho mtaombwa kipanya.

#24 Mama_Duka_Jumla

Mimi mniletee. Kipanya ninacho.

#25 Ronga_Dev

Mhasibu yuko sawa. Sisi tulianza na waya wa printa, sasa tunaitwa hadi kwa sababu ya stima. Lakini jina lenu libaki kwa tiketi, hata kama kazi ni ya fundi wa nje. Kazi ya huyo mwenye jina ni kupiga simu, si kufungua mashine.

#26 Abiria_wa_Mwisho

Samahani kurudi tena. Nimewapigia wale wa basi nikawaambia "naomba jina la mtu mmoja anayeshughulikia". Wamenipa jina. Nauli bado.